Mmea wa Kunyonya Shaba, na Mmea Unaoikataa

Mama mmoja mwenye shamba kando ya mto Nyamwamba, chini kidogo ya Kilembe, alinishika mkono tukiwa tumesimama kwenye magimbi yake. Alikuwa amesikia redioni kwamba alizeti hunyonya sumu ardhini. "Mwanangu," akaniambia, "nikipanda alizeti misimu miwili, si udongo wangu utakuwa umepona?" Nilimwomba tukae chini ya mwembe, kwa sababu jibu lake si la kusimama. Makala hii ni lile jibu, nimelipanua kwa ajili ya wengine wanaouliza swali hilohilo.

Wasioifahamu Kilembe wajue kwamba ni bonde jembamba kwenye miguu ya milima ya Rwenzori, wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Shaba ilichimbwa hapo kuanzia 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese, na uchimbaji ukafifia hadi kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jiwe lenye madini lilisagwa, shaba ikatolewa, na kilichobaki kikamwagwa bondeni kama mchanga wa kijivu na wa manjano, mamilioni ya tani, karibu kabisa na mto. Mchanga huo bado una shaba na kobalti, pamoja na salfa iliyofungwa ndani ya madini yanayoitwa pairiti. Mafuriko ya Mei 2013 na yale ya Mei 2020 yaliyang'ata marundo hayo na kuyasambaza kwenye mashamba ya chini. Nyamwamba huteremka kupitia mji wa Kasese na kumwaga maji yake Ziwa George, kwa hiyo safari ya mchanga huo haiishii Kilembe.

Ukitembea juu ya rundo mojawapo baada ya jua la siku kadhaa, utaona ukoko wa rangi ya kutu, na mahali pengine madoa ya kijani cha bluu yamejishika kwenye mawe. Hiyo ya kijani ni chumvi ya shaba. Maji yakipanda kutoka ndani na kukauka juu, huiacha hapo. Nyasi zimejaribu kuingia kutoka pembeni na zimekwama kwenye mstari unaoonekana kama umechorwa kwa kamba. Mstari huo ndio mwalimu wa kwanza katika somo hili, na nitaurudia.

Sasa tuanze na mmea wenyewe. Shaba si adui wa mimea. Kila mmea unaihitaji kidogo, na jani la kawaida lenye afya likikaushwa na kupimwa huwa na kama gramu 5 hadi 20 za shaba kwa kila tani ya majani makavu. Mizizi ina milango maalumu ya kupokea metali inazohitaji, kama chuma, zinki na shaba. Metali zisizohitajika, kwa mfano kadimiamu, huponyoka ndani kupitia milango hiyohiyo kwa kuwa zinafanana na zile zinazohitajika. Ikiingia nyingi kupita kiasi, metali huvuruga kazi za seli, kwa hiyo mmea hujilinda. Huifunga kwa asidi laini na protini ndogo, kisha huisukuma kwenye kifuko cha maji kilicho ndani ya seli, ambako haiwezi kuleta madhara.

Tofauti kubwa kati ya mimea ni mahali inapofanyia ufungaji huo. Mimea karibu yote hufanyia mizizini. Shaba huingia, inafungwa hapohapo chini, na ni kidogo tu inayopanda kwenye shina na majani. Jani likizidi gramu 20 au 30 za shaba kwa tani, mimea mingi huanza kuumwa. Majani machanga hugeuka manjano katikati ya mishipa, mizizi huwa mifupi, minene na ya kahawia, na ukuaji husimama.

Kuna mimea michache iliyogeuza mpango huo. Badala ya kuifungia metali chini, huipandisha kwa bidii na kuihifadhi kwenye majani. Tuiite mimea limbikizi. Kwa zinki na kadimiamu, wanasayansi wameona hata namna inavyofanya: pampu ya kusukumia metali kwenye mrija wa maji unaopanda, inayotengenezwa kwa jeni ya HMA4, iko pia katika mimea ya kawaida, lakini katika mimea limbikizi jeni hiyo ina nakala kadhaa na hufanya kazi mfululizo. Ili mmea uhesabiwe limbikizi kwa shaba au kobalti, majani yake yanatakiwa kufikisha angalau gramu 300 kwa tani ukiwa umeota wenyewe mahali pake. Kwa nikeli na aseniki kipimo ni gramu 1,000. Mfano unaotajwa sana ni kangaga liitwalo Pteris vittata, ambalo mwaka 2001 watafiti huko Florida, Marekani, walitangaza kwamba hulimbikiza aseniki kwa wingi wa kushangaza.

Alizeti si limbikizi. Ina umbo kubwa na hukua haraka, na hapo ndipo sifa zake zilipoanzia, lakini kwa shaba inabaki kuwa mmea wa kawaida.

Nilimwonyesha mama yule hesabu kwa kijiti kwenye vumbi, na ninaomba nawe uifuate, kwa sababu ukiishika hutadanganywa tena na mtu yeyote anayeuza mbegu za miujiza. Chukua ekari moja. Udongo wa juu, sentimita 20 ambazo jembe hufikia, una uzito wa karibu tani 1,000. Hii inarahisisha mambo sana. Kila gramu moja ya shaba iliyomo katika tani ya udongo ni kilo moja nzima katika ekari. Tuseme, kwa mfano, vipimo vya maabara vimetoa gramu 500 kwa tani na tunataka zishuke hadi 100. Tunapaswa kuondoa gramu 400 kwa kila tani, yaani kilo 400 za shaba kutoka ekari moja.

Sasa panda alizeti. Tuwe wakarimu, tuseme ekari inatupa tani 4 za mabua na majani makavu, na kila tani imebeba gramu 50 za shaba, kiasi ambacho tayari kingeuumiza mmea. Mavuno yote hayo yana gramu 200. Ukivuna mara mbili kwa mwaka, umeondoa gramu 400. Kilo 400 ukigawa kwa gramu 400 kwa mwaka unapata miaka 1,000.

Mama alinyamaza, akafuta sifuri moja kwa kidole, akaniangalia. "Na ule mti wenyewe hasa, huo limbikizi?" Lilikuwa swali la mtu aliyeelewa.

Mimea ya namna hiyo ipo, na haiko mbali nasi. Kule Katanga, Kongo, kwenye vilima vya shaba, huota mmea mdogo wa maua uitwao Haumaniastrum katangense, unaopenda udongo wenye shaba kiasi kwamba umetumika kama alama ya kutafutia madini. Tukiuchukulia kwamba unafikisha gramu 1,000 kwa tani, na kwamba ekari inatoa tani 2 kavu, mavuno yanakuwa na kilo 2 za shaba. Mara mbili kwa mwaka ni kilo 4, na kazi itaisha baada ya miaka 100. Hapo bado nimependelea upande wa mmea. Ni mmea mdogo wa msimu, na kupata tani 2 kwa ekari ni ndoto.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi, nalo ni vumbi. Sampuli nyingi za majani ya Katanga zilizotangazwa zamani kuwa na shaba nyingi ajabu zilikuja kurudiwa kwa uangalifu, zikaoshwa vizuri kabla ya kupimwa, na sehemu ya shaba ikaondoka na maji. Ilikuwa imekaa juu ya jani kama vumbi la udongo wala haikuwa ndani. Ukisoma ripoti yoyote inayosifia mmea wa shaba, swali lako la kwanza liwe kama majani yalioshwa, na kwa namna gani. Njia nyingine ya kugundua ni kupima katika jani lilelile metali ambayo mimea haiinyonyi kwa wingi, kama titani. Ikitokea nyingi, ujue umepima vumbi. Somo hilo linamhusu pia mama mwenye mchicha karibu na rundo. Sehemu ya metali inayofika mezani haijapita mizizini kabisa. Imerushwa na mvua na upepo juu ya jani, na maji safi ya kuoshea mara mbili au tatu huiondoa.

Kuna shida nyingine ambayo hesabu ya kilo haionyeshi. Mizizi hainyonyi shaba yote iliyo ardhini; hupata ile tu iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo. Shaba hupenda kushikamana na mboji na chembe za udongo wa mfinyanzi, na udongo usio na tindikali huishika zaidi. Kwa hiyo hata mmea wenye uroho unakaa mezani mbele ya chakula kilichofungiwa kabatini. Katika miaka ya 1990 watu walijaribu kuvunja kabati hilo kwa kumwaga kwenye udongo kemikali iitwayo EDTA, inayokumbatia metali na kuziyeyusha. Mimea ilipandisha metali nyingi zaidi kweli, hasa risasi. Lakini mvua nayo haikungoja mizizi. Metali zilizoyeyushwa ziliteremka na maji kwenda chini, na EDTA yenyewe huchukua muda mrefu kuoza. Mahali ambapo mto uko hatua hamsini kutoka shambani, kufanya hivyo ni kuichukua sumu iliyolala na kuitia kwenye maji ya kunywa ya jirani.

Je, kunyonya kwa mimea hakufai popote? Kunafaa pale ambapo metali ni kidogo kwa uzito lakini ni hatari, na mmea wake wa kulimbikiza ni hodari. Chukua ekari ileile yenye kadimiamu gramu 3 kwa tani, nawe unataka ifike 1. Unahitaji kuondoa kilo 2 tu. Mmea wenye gramu 100 za kadimiamu kwa tani, ukitoa tani 2 kwa ekari, unaondoa gramu 200 kwa mavuno, na mavuno 10 yanatosha kwenye karatasi. Shambani yatahitajika zaidi, maana kadiri udongo unavyopungukiwa ndivyo mmea unavyopata kidogo. Hata hivyo hiyo ni kazi ya kizazi kimoja, si ya karne. Kwa bahati mbaya tatizo kubwa la Kilembe ni shaba na kobalti, na kiasi chake ni kikubwa.

Mavuno yenyewe pia yanahitaji mahali pa kwenda. Majani yaliyojaa metali si samadi, si malisho, wala si kuni za jikoni. Ukiyachoma, metali inabaki kwenye majivu, na majivu yakirudi shambani umezunguka ukarudi ulipoanzia. Mbuzi aliyefungwa kamba hajui lipi ni shamba la majaribio, na kondoo ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa sababu ini lake hulimbikiza shaba na humuua kwa kiasi ambacho mbuzi au ng'ombe angekistahimili. Mradi wowote wa mimea limbikizi usio na uzio na shimo la kuhifadhia mavuno unaieneza shaba tu.

Ndiyo maana nilimwambia mama kwamba mmea ninaoutafuta kwa ajili ya bonde lake ni ule unaoikataa shaba isipande. Unaotia mizizi ndani ya mchanga wa mgodi, unaushika usiondoke na maji, na kuyaacha majani yake yakiwa karibu na ya kawaida. Hii nayo ni tiba ya udongo kwa mimea, ila lengo ni kutuliza, si kunyonya. Kipimo chake ni rahisi: chimba mmea mzima, osha, pima shaba ya mizizi na shaba ya majani. Ikiwa ya majani ni sehemu ndogo tu ya ile ya mizizi, huo ndio wako. Nyasi za vetiva hufaulu mtihani huu, tena mizizi yake huenda chini wima badala ya kutambaa, na katika udongo mzuri hufika hata mita 3.

Hapa narudi kwenye ule mstari ambapo nyasi zilikwama. Kinachozisimamisha mara nyingi ni tindikali kabla hata ya shaba. Pairiti ikikutana na hewa na maji hugeuka kuwa tindikali, na tindikali huyeyusha shaba zaidi. Mahali ubaya huu ulipoonekana wazi kabisa ni karibu na mji wa Kasese, ambako shehena ya pairiti yenye kobalti ilirundikwa kwa miaka mingi. Maji yake yaliteremka hadi ndani ya hifadhi ya Malkia Elizabeti na kuacha njia ya ardhi tupu kati ya nyasi. Ukipanda vetiva moja kwa moja kwenye mchanga kama huo, unaipanda kufa.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kupima. Changanya mchanga na maji safi, acha utulie, pima pH, kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi. Lakini hilo linakuambia hali ya leo tu. Ili kujua ya kesho, maabara huumwagia mchanga kidogo haidrojeni peroksaidi, ambayo hufanya kwa saa chache kile ambacho hewa ingefanya kwa miaka. Baada ya hapo pH ikishuka chini ya 4.5, rundo hilo litaendelea kuzaa tindikali hata kama leo linaonekana pole. Si marundo yote yanafanana, na hata rundo moja hutofautiana upande na upande, kwa hiyo sampuli moja haitoshi.

Chokaa ndiyo dawa, na hesabu yake haina huruma. Kila asilimia moja ya salfa ya pairiti huhitaji kama kilo 31 za chokaa safi ya kusaga kwa kila tani ya mchanga. Kwa ekari yetu ya tani 1,000, ni tani 31, yaani zaidi kidogo ya malori matatu ya tani kumi, kwa sentimita 20 za juu tu. Afadhali mawe ya chokaa huchimbwa Hima, wilaya hiyohiyo ya Kasese. Chokaa ichanganywe kwa jembe hadi chini. Ikitandazwa juu tu, mizizi itakaa juu. Kisha iingie samadi iliyooza, kwa sababu mchanga uliosagwa hauna naitrojeni wala mboji, na mboji hiyo ndiyo itakayoshika shaba. Miche ya vetiva hupandwa mvua zinapoanza, mwezi Machi au Septemba, kwa mistari inayokata mteremko, kila mche sentimita 10 hadi 15 kutoka kwa mwenzake ili baada ya msimu mmoja au miwili mstari uwe ukuta. Katikati ya mistari ziachwe nyasi za hapohapo ziingie zenyewe.

Baada ya mwaka, chimbua kishina kimoja. Hilo ni muhimu kuliko kuangalia majani kutoka barabarani, maana vetiva huweza kubaki kijani huku chini imekwama. Nimekishika mkononi kishina cha namna hiyo. Mizizi ilikuwa myeupe na mingi hadi kama upana wa kiganja, halafu ikapinda yote kwa pamoja kama vidole vilivyogusa sufuria ya moto, na ncha zake zilikuwa fupi na za kahawia. Hapo ndipo chokaa ilipoishia. Mmea wa namna hiyo utashika mvua ya kawaida, lakini ukame mkali ukija hauna maji ya kina kirefu, na maporomoko yakija hauna nanga.

Na mto una njia yake ya kuupita mmea. Vetiva hushika uso wa rundo. Haizuii Nyamwamba kulichimba rundo kwa chini wakati wa mafuriko. Mguu wa rundo unahitaji mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya au rundo lenyewe kusogezwa mbali na maji, na hiyo ni kazi ya wahandisi na ya serikali, si ya mama mwenye jembe. Vilevile shaba haijapungua hata gramu. Iko palepale chini ya nyasi, na itabaki salama kwa muda ambao chokaa haijaisha, moto haujapita na hakuna aliyelima juu yake. Kila baada ya miaka michache pH lazima ipimwe tena, na ikianza kushuka chokaa iongezwe kabla nyasi hazijafa.

Mama aliuliza kuhusu magimbi yake. Yalikuwa sehemu ya chini kabisa, pale ambapo mafuriko yaliacha tabaka la mchanga wa manjano lenye unene wa vidole vitatu, nami nilimwambia asile chakula cha kipande kile hadi udongo na magimbi yenyewe yapimwe. Tukakwangua tabaka hilo kwa jembe mahali padogo, tukaona udongo mweusi wa zamani umelala chini yake. Kwa kipande kidogo kama chake, mchanga huo ukiwa bado haujachanganyika, kuukwangua na kuurudisha juu rundoni nyuma ya mistari ya vetiva ni kazi ya wiki moja ya watu wanne, na huondoa shaba nyingi kuliko alizeti ya vizazi vyote vya ukoo wake. Alimwita kijana wake alete toroli.